Oda Moja Zaidi Inagharimu Ngapi?

Mikindani ina barabara kuu ya Nairobi upande mmoja na mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor upande wa pili, na katikati yake kuna watu wengi kuliko maji. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali. Mengine huja kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, mengine hutoka Baricho kwenye mto Sabaki. Huja kwa zamu, na zamu ikikatika, mtaa mzima hutegemea mikokoteni ya mitungi, tuktuk na maboza. Biashara hiyo ndiyo iliyonikutanisha, mwaka 2025, na mama mmoja mwenye maboza ambaye pia hukusanya oda kwa niaba ya wenye mikokoteni wa Mikindani, Jomvu na mtaa wa Bangladesh.

Alikuwa ametengenezewa programu ya simu. Mteja anabonyeza idadi ya mitungi, programu inamtafutia chombo kilicho karibu, maji yanafika, na mama anapata kamisheni ya shilingi 20 kwa kila oda. Majaribio yalikwenda vizuri. Kijana aliyeiandika programu alikuwa hodari, na kwenye karatasi yake ya gharama za kila mwezi aliweka mstari mmoja: kodi ya seva, dola 12. Bili za miezi ya majaribio zilimuunga mkono, kwa sababu ramani haikuwa imetozwa hata senti, na meseji zilikuwa za vijihela vidogo. Mama hakuridhika.

"Mwanangu," aliniambia, "gari nalijua. Dizeli naijua, tairi nazijua, mshahara wa tanboi naujua. Hii ya kwenye simu ndiyo siijui. Leo tuna oda 300 kwa mwezi. Zikiwa 6,000, itanila ngapi?"

Nilimjibu, "Mama, nipe muda niihesabu oda yenyewe, siyo mwezi." Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuendesha mifumo baada ya walioiandika kuondoka, na jambo moja ambalo kazi hiyo imenifundisha ni kwamba bili ya mwezi haielezi chochote mpaka uigawanye kwa oda. Ukijua oda moja inagharimu nini, na gharama hiyo inabadilikaje watu wakiongezeka, hesabu ya mwezi unaipata kwa kuzidisha tu. Usipojua hilo, unabaki kukisia.

Nikaketi na yule kijana, tukafungua programu, tukaagiza mitungi 20 kama mteja wa kawaida. Kila mara programu ilipowasiliana na mtu wa nje tuliandika: hapa imeuliza ramani, hapa imetuma meseji, hapa imeandika kwenye hifadhidata. Ni zoezi la saa chache, na silijui lingine linalozaa matunda kama hilo. Karatasi ilipojaa, ikawa wazi kwamba mbele yetu kulikuwa na gharama tatu, na kila moja inakua kwa mwendo wake.

Nianze na seva, kwa sababu ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ukweli ni kwamba kwa biashara ya ukubwa huu seva ndiyo ndogo kuliko zote. Oda 6,000 kwa mwezi ni oda 200 kwa siku, na mashine ya kukodi yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne, ambayo kwa kawaida hukodishwa kwa kama dola 24 kwa mwezi, inazimudu bila kutoka jasho. Hata ile siku mifereji imekauka na watu wote wanaagiza asubuhi moja, oda zikawa mara tatu au nne ya kawaida, bado si mzigo mkubwa kwa mashine hiyo. Ongeza nakala za akiba, ambazo hutozwa sehemu ya kodi ya mashine, unafika kama dola 29. Gharama ya namna hii hupanda kwa vidato: inakaa palepale miezi mingi, kisha siku moja unahamia mashine kubwa zaidi na inaruka mara mbili. Ni rahisi kuitabiri.

Kitu pekee cha kuangalia kwenye seva hakikuwa oda. Kilikuwa ni simu za wachuuzi. Kila simu ilikuwa inatuma mahali ilipo kila baada ya sekunde tano, kutwa nzima, awe mchuuzi ana mzigo au amelala chini ya mwembe. Chombo kimoja kinachofanya kazi saa kumi kwa siku hutuma hivyo mara 7,200. Vyombo 20 hutuma mara 144,000 kwa siku, na kwa mwezi ni zaidi ya milioni nne, zote zikiandikwa na kuhifadhiwa milele. Gharama hii haifuati wateja hata kidogo. Hukua kwa kupita siku tu, hata biashara ikiwa imesimama. Kijana alibadilisha muda ukawa sekunde 30 kwa mwenye mzigo na dakika chache kwa asiye na mzigo, akaongeza kazi ya kufuta kila usiku mahali palipozidi siku 30. Bando la data la wachuuzi nalo likaacha kuisha kabla ya saa sita, na hilo ndilo walilolishukuru zaidi.

Gharama ya pili ni meseji. Hii hukua sambamba na oda: oda zikiwa mara mbili, nayo inakuwa mara mbili, haina kidato wala punguzo la maana. Tulihesabu meseji tano kwa kila oda: ya mteja kwamba oda imepokelewa, ya mchuuzi kwamba amepata kazi, ya mteja kwamba chombo kimetoka, nyingine kwamba kimefika, na ya mwisho ya risiti. Kampuni ya kutuma meseji ilikuwa ikimtoza mama senti 80 kwa moja. Meseji tano ni shilingi 4, na kwa oda 6,000 ni shilingi 24,000. Hivyo ndivyo hesabu ilivyopaswa kuwa. Lakini tulipoigawanya bili ya miezi ya majaribio kwa idadi ya meseji, haikutoka senti 80. Ilitoka zaidi, na tofauti hiyo ilitutaka tuisome meseji yenyewe herufi kwa herufi. Ile ya kufika ilikuwa hivi:

```
Oda yako ya mitungi 20 imefika. Mkokoteni uko ng’ambo ya barabara. Toka upokee maji. Malipo ni Sh 600. Asante.
```

Ni herufi 110 ukihesabu na nafasi. Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, kwa hiyo hii ilipaswa kutoshea na kubaki. Haikutoshea, na sababu ni ile alama iliyo juu kwenye "ng’ambo". Mtu aliyeandika maneno hayo aliyaandika kwenye programu ya ofisi, ambayo huikunja alama hiyo ili ipendeze. Alama iliyokunjwa haimo kwenye orodha ya herufi za msingi za mitambo ya simu. Ikiwamo hata moja, meseji yote hubadilishwa mfumo, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji ya herufi 110 hapo inakatwa vipande viwili, na kila kipande kinatozwa kama meseji kamili. Mteja haoni chochote, kwani simu yake huviunganisha vipande. Anayeona ni anayelipa.

Kiswahili kina "ng" yenye alama kila mahali: ng'ombe, ng'ambo, ung'ang'anie. Kwa hiyo anayetuma meseji za Kiswahili ana hatari hii kuliko anayetuma za lugha nyingine nyingi. Dawa yake ni kuandika alama iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi ya kawaida, ambayo imo kwenye orodha, na kuweka kwenye programu kikaguzi kidogo kinachokataa meseji yenye herufi ya nje ya orodha kabla haijatumwa. Vikatuni vya nyuso vina athari hiyohiyo. Meseji zote tano zilikuwa na alama iliyokunjwa au kikatuni, na kama zingeachwa hivyo, zile shilingi 24,000 zingekuwa 48,000.

Baada ya hapo tukauliza ni meseji zipi zinahitajika kweli. Mchuuzi ana programu wazi mkononi, kwa hiyo anaweza kupata taarifa kupitia mtandao, na njia hiyo haitozwi kwa kila ujumbe. Habari ya chombo kutoka, na risiti, zinaweza kukaa ndani ya programu. Lakini ile ya kuthibitisha oda na ile ya kufika hatukuzigusa. Wateja wa Mikindani huwasha data wanapoagiza, kisha huizima kulinda bando, na mkokoteni ukifika mlangoni bila mteja kujua, mchuuzi hupoteza nusu saa akipiga hodi. Meseji mbili kwa oda, shilingi 1.60. Kwa oda 6,000 ni shilingi 9,600.

Gharama ya tatu, ramani, ndiyo iliyokuwa imejificha, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Watu wengi hudhani ramani inalipiwa kwa kuonekana. Kwenye programu ya simu, ile picha ya ramani ya Google anayoiona mteja haitozwi kabisa. Picha hiyohiyo ikifunguliwa kwenye tovuti hutozwa, dola 7 kwa kila mara 1,000 baada ya 10,000 za kwanza za mwezi, lakini mama hakuwa na tovuti. Kinachotozwa kwenye simu ni maswali: mahali hapa panaitwaje, njia inapita wapi, kutoka hapa hadi pale ni dakika ngapi.

Swali moja tulilifuta papo hapo. Programu ilikuwa na kisanduku cha kutafuta anwani, na kila herufi mteja aliyoandika ilitumwa kama swali la kulipiwa. Sasa, nani Mikindani anaandika anwani? Watu huelekezana kwa msikiti, kwa shule, kwa duka lililo nyuma ya kituo cha matatu. Mteja akiwa nyumbani, simu yake yenyewe inajua ilipo bila kumuuliza mtu. Kijana aliondoa kisanduku, akaweka kitufe cha kuhifadhi mahali ulipo na nafasi ya kuandika maelekezo kwa maneno. Mteja anapahifadhi mara moja, na oda zake zote zinazofuata hazigharimu swali hata moja.

Swali lililobaki lilikuwa moyo wa programu: kati ya vyombo vyote, kipi kiko karibu na mteja kwa njia ya barabara? Huduma inayojibu swali hilo huitwa `Compute Route Matrix`, na haitozi kwa swali. Inatoza kwa jozi. Mteja mmoja na chombo kimoja ni jozi moja. Mteja mmoja na vyombo 20 ni jozi 20. Kwa bei zilizoanza Machi 2025, jozi 10,000 za kwanza za mwezi ni bure, kutoka hapo hadi 100,000 ni dola 5 kwa kila 1,000, na kidato kinachofuata baada ya 100,000 ni dola 4 kwa kila 1,000. Ukitaka jibu lizingatie msongamano wa magari, bei ya kuanzia ni mara mbili na kiwango cha bure ni nusu.

Programu ilikuwa inauliza vyombo vyote kwa kila oda. Miezi ya majaribio kulikuwa na vyombo 10 na oda 300, yaani jozi 3,000, na bili ilikuwa sifuri. Hata oda zingekuwa 600 ingebaki sifuri. Hapo ndipo kiwango cha bure kinapompotosha mtu: hakikuonyeshi gharama inapanda kwa mwendo gani, kinaificha mpaka umeshakua. Tulipiga hesabu ya mbele. Oda 3,000 na vyombo 20 ni jozi 60,000. Toa 10,000 za bure, zilizobaki 50,000 ni dola 250. Kisha biashara iongezeke mara mbili, oda 6,000, na bila shaka vyombo navyo viongezeke, viwe 40, kwa sababu mkokoteni mmoja hauwezi kubeba zaidi ya nguvu za mtu. Jozi zinakuwa 240,000. Zile 90,000 baada ya za bure ni dola 450, na 140,000 za juu ni dola 560. Jumla dola 1,010.

Soma tena hesabu hiyo. Wateja wameongezeka mara mbili, bili imeongezeka mara nne, hata baada ya punguzo. Jozi ni oda mara vyombo, na katika biashara inayokua vyote viwili hukua pamoja. Kwa dola ya shilingi 130, dola 1,010 ni shilingi 131,300. Ongeza VAT ya asilimia 16, ambayo hutozwa hata kwa huduma za kidijitali zinazonunuliwa ng'ambo, ni kama shilingi 152,300. Gawanya kwa oda 6,000, unapata zaidi ya shilingi 25 kwa oda, kwa ramani peke yake. Mama anapata 20.

Nilipomwonyesha alinyamaza akiitazama karatasi, kisha akasema, "Kwa hiyo nikipata wateja wengi ndiyo nafilisika?" Nikamwambia, "Ndiyo, Mama, programu ikibaki ilivyo. Lakini haibaki."

Dawa ilikuwa hesabu ya shule. Umbali wa mstari ulionyooka kati ya nukta mbili duniani unapatikana kwa kanuni ya kale, na seva inaikokotoa yenyewe bila kumlipa mtu. Kwa hiyo programu ianze kwa kupanga vyombo vyote kwa umbali wa mstari, ichukue vitatu vilivyo karibu zaidi, kisha iulize njia ya barabara kwa hivyo vitatu tu. Oda 3,000 mara tatu ni jozi 9,000, ambazo bado ni bure. Oda 6,000 mara tatu ni 18,000, zinazolipiwa ni 8,000, bili ni dola 40. Na muhimu kuliko kiasi chenyewe, idadi ya vyombo imetoka kwenye hesabu. Viwe 40 au 400, oda moja ni jozi tatu.

Mstari ulionyooka una mipaka yake, na Mombasa huionyesha haraka. Kutoka Mikindani, Mishomoroni ya Kisauni iko kilomita chache tu ukikata maji ya Tudor. Kwa barabara, unashuka hadi Makupa, unaingia kisiwani, unavuka daraja la Nyali, ndipo unapanda. Siku ambayo wachuuzi wa Kisauni wangejiunga, programu ingempa mteja wa Mikindani mkokoteni ulio ng'ambo ya bahari na kuuhesabu wa karibu. Kwa hiyo kila chombo kiliwekewa eneo lake, bara ya magharibi au bara ya kaskazini, na programu hailinganishi vyombo vya maeneo tofauti. Barabara kuu nayo ni ukuta wa namna yake, kwani huwezi kukata popote na mkokoteni wenye mitungi 20. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua vitatu, siyo kimoja: katika vitatu, mara nyingi kuna angalau kimoja kilicho upande wa mteja. Tulipojaribu na vitano, aliyechaguliwa hakubadilika ila mara chache, tukabaki na vitatu.

Kisha tukaweka kizuizi. Mifumo ya malipo ya Google ina kitu kinachoitwa bajeti, na wengi hudhani bajeti ikifikiwa matumizi husimama. Hayasimami. Bajeti hukutumia barua pepe tu, huku mita ikiendelea. Kinachosimamisha ni kikomo cha maswali kwa siku, ambacho huwekwa mahali pengine, kwenye ukurasa wa `Quotas`. Tuliweka kikomo cha mara tatu ya siku ya kawaida, kwa ajili ya siku za ukame wa mifereji, na programu ikafundishwa kwamba ikikataliwa na ramani isimwangushe mteja, itumie mstari ulionyooka mpaka kesho. Meseji nazo zikawekewa kikomo. Namba isiyoanza na 254 haitumiwi kitu, na namba moja haiwezi kuomba msimbo wa kujisajili tena na tena ndani ya saa moja, kwa sababu wako matapeli duniani wanaojipatia fedha kwa kuzifanya programu za watu zitume meseji maelfu kwa namba za nchi za mbali.

Karatasi ya mwisho niliyompa mama ilikuwa na safu mbili, zote kwa oda 6,000 na vyombo 40. Safu ya kwanza ilikuwa programu kama ilivyokuja: seva kama shilingi 4,400 pamoja na VAT, meseji 48,000, ramani 152,300. Jumla inazidi shilingi 204,000, yaani shilingi 34 kwa oda inayoingiza 20. Safu ya pili ilikuwa baada ya marekebisho: seva ileile 4,400, meseji 9,600, ramani kama 6,000. Jumla shilingi 20,000, yaani shilingi tatu na senti thelathini na kidogo kwa oda. Wateja ni walewale, maji ni yaleyale, na hakuna aliyeondolewa huduma anayoitumia.

Chini ya safu hizo niliandika mambo mawili yaliyo nje ya uwezo wetu. La kwanza ni dola. Mama anaingiza shilingi, lakini seva na ramani zinalipwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa kama 130. Kwa bili ya safu ya kwanza, mwendo huo wa shilingi 30 ni zaidi ya shilingi 31,000 kwa mwezi bila kuongezeka mteja hata mmoja. Kwa safu ya pili ni kama 2,000. Bili ndogo ya dola ndiyo kinga pekee aliyonayo mfanyabiashara mdogo dhidi ya soko la fedha.

La pili ni orodha ya bei yenyewe. Mwaka 2018 Google ilibadilisha bei za ramani na kumpa kila mteja nafuu ya dola 200 kwa mwezi, na programu nyingi zilizokuwa zimekaa kwa amani zikajikuta na bili mpya. Machi 2025 nafuu hiyo ikaondolewa, kikaja kiwango cha bure cha kila huduma peke yake. Aliyekuwa ameijenga hesabu yake juu ya zile dola 200 alilazimika kuanza upya. Kwa hiyo tuliandika pia njia ya kutokea: ramani huria ya OpenStreetMap pamoja na programu ya OSRM inayokokotoa njia, ambayo kwa eneo la Kenya inaweza kukaa kwenye seva ya kukodi. Hiyo hugeuza gharama ya jozi kuwa gharama ya kidato, ila inadai mtu wa kuitunza na kusasisha ramani. Kwa bili ya dola 40 haina faida. Bili ikizidi mara kadhaa kodi ya seva ya pili na muda wa mtunzaji, faida inaanza.

Mama sasa ana kazi moja kila Jumatatu. Anachukua bili ya wiki ya kila huduma na kuigawanya kwa oda za wiki hiyo, kisha anaandika jibu kwenye daftari lilelile la dizeli. Namba ikishuka kidogo oda zinapoongezeka, ni seva inagawanywa kwa wengi. Ikikaa palepale, ni meseji. Ikipanda, na si kwa sababu kiwango cha bure cha mwezi kimeisha, kuna kitu kinachozidishwa na kitu kingine ndani ya programu, na anampigia kijana simu siku hiyohiyo, kabla ya mwezi kufungwa.

Ukitengenezewa programu, usikubali kupewa namba moja ya gharama za mwezi. Mwambie aliyeiandika akuonyeshe mambo matatu kwa shilingi: mteja mmoja akiagiza mara moja zaidi bili inaongezeka kwa kiasi gani, mchuuzi mmoja akijiunga inaongezeka kwa kiasi gani, na mwezi mmoja ukipita bila oda hata moja utalipa ngapi. Akikosa jibu la lile la pili, usiizindue bado.